Namba ya akaunti: Mstari usiokaguliwa katika ankara ya mzabuni

MAGANZO ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Wengi huujua kwa sababu ya almasi. Wachache hutambua kwamba sehemu kubwa ya fedha halali zinazozunguka katika miji ya aina hii haitoki shimoni moja kwa moja, bali hupitia ankara: za wauza saruji na nondo, za wenye malori, za watoa huduma ya chakula, za mafundi wanaojenga madarasa na zahanati.

Ndivyo ilivyo pia Kahama na Geita, ambako migodi ya dhahabu hununua karibu kila kitu kutoka kwa wazabuni, na ambako halmashauri hupokea ushuru wa huduma pamoja na miradi ya kijamii ya migodi hiyo, na kisha nazo huwalipa wazabuni wao. Kila malipo hayo huishia katika mstari mmoja mfupi chini ya ankara, nao ni jina la benki na namba ya akaunti.

Mstari huo ndio unaokaguliwa kidogo kuliko mingine yote. Na sababu yake haitokani na uzembe peke yake.

Ofisi yoyote ya uhasibu yenye utaratibu hulinganisha nyaraka tatu kabla ya kulipa. Kwanza ni hati ya kuagizia mali, ile inayojulikana zaidi kwa jina la LPO. Pili ni hati ya kupokelea mali, ambayo mtunza stoo hutia saini. Tatu ni ankara yenyewe. Iwapo idadi ya mifuko ya saruji ni ile ile katika hati zote tatu, na bei ni ile iliyokubaliwa, hati ya malipo huandaliwa na kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kuidhinisha.

Utaratibu huo ni mzuri kwa kile ulichokusudiwa, yaani kuhakikisha kwamba kilicholipiwa ndicho kilichoagizwa na kupokelewa. Lakini LPO kwa kawaida haitaji akaunti ya mzabuni. Hati ya kupokelea mali haiitaji. Stakabadhi ya mashine ya EFD, ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imewalazimisha wafanyabiashara kuitoa tangu 2010, huonyesha jina la mfanyabiashara na namba yake ya mlipakodi, wala haionyeshi akaunti. Kati ya hati zote hizo, akaunti hutajwa katika moja tu, nayo ni ankara, ambayo imeandikwa na yule yule anayedai.

Kwa maneno mengine, ankara yaweza kuwa sahihi kwa kila kipengele cha mali, bei na kodi, huku fedha zikielekezwa kwa mtu asiyehusika kabisa. Ulinganishaji wa nyaraka tatu utaipitisha bila kusita.

Ili kulielewa jambo hilo vizuri, na tuchukue mfano ambao si wa ofisi wala kampuni yoyote mahususi. Kampuni moja ya Maganzo inaipatia taasisi ya umma vifaa vya ujenzi wa shule ya sekondari: mifuko 1,200 ya saruji kwa shilingi 17,500 kila mmoja, ambayo ni shilingi 21,000,000, na nondo 480 za milimita 12 kwa shilingi 24,000 kila moja, ambazo ni shilingi 11,520,000. Jumla ni shilingi 32,520,000. Lori linashusha mzigo Alhamisi, Machi 6, 2025, na dereva anaacha ankara ya karatasi yenye tarehe hiyo hiyo pamoja na hati ya makabidhiano.

Siku nane baadaye, Ijumaa ya Machi 14, inaingia barua pepe yenye viambatisho vitatu. Cha kwanza ni nakala ya ankara ile ile, namba ile ile, tarehe ile ile, jumla ile ile. Cha pili ni barua katika karatasi yenye nembo ya kampuni, ikiarifu kwamba kampuni imehamia benki nyingine. Cha tatu ni barua ya benki hiyo mpya, yenye muhuri, ikithibitisha kwamba akaunti ilifunguliwa Machi 11. Malipo yamepangwa kutoka Jumatatu.

Mhasibu asiyekuwa na utaratibu wa kulinganisha akaunti ataona kwamba ankara, barua ya mzabuni na barua ya benki zote zinataja namba moja. Nyaraka tatu, namba moja. Ataridhika, kwa kuwa amezoea kwamba zikikubaliana hati tatu mambo ni salama.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la kufikiri kabla ya kuwa kosa la uhasibu. Nyaraka zile tatu zimetoka katika bahasha moja. Ni sauti moja iliyosema jambo moja mara tatu. Makubaliano yake hayathibitishi chochote zaidi ya kwamba aliyeziandaa alikuwa makini.

Mhasibu anayejua kazi yake huanzia upande mwingine wa jalada. Hutafuta hati ya zamani kuliko zote inayotaja akaunti, na iliyoingia ofisini kwa njia tofauti na hiyo ya sasa: fomu ya usajili wa mzabuni aliyoileta mwenyewe mwaka 2023 ikiwa na cheti cha BRELA na cheti cha namba ya mlipakodi, mkataba, kama upo, na taarifa za benki za malipo mawili yaliyokwisha kufanyika Agosti na Novemba 2024, ambayo mzabuni aliyapokea na kuyatolea stakabadhi. Malipo ya zamani yaliyofika salama ni ushahidi wenye nguvu kuliko barua, kwa kuwa hayakuandikwa na mtu kwa ajili ya kumshawishi mwingine. Ni jambo lililotokea.

Katika jalada la mfano wetu, hati zote za zamani zinataja akaunti iliyoko tawi la Shinyanga, inayoishia 0714. Ankara ya karatasi aliyoiacha dereva nayo inaishia 0714. Nakala iliyokuja kwa barua pepe inaishia 3392, katika benki nyingine, tawi la Dar es Salaam. Kwa hiyo zipo ankara mbili zenye namba moja ya kumbukumbu na akaunti mbili. Hilo peke yake linatosha kuyasimamisha malipo.

Lakini inafaa kuendelea, maana mengine yanajitokeza. Ankara ya barua pepe ina tarehe ya Machi 6 na tayari inataja akaunti ambayo, kwa mujibu wa barua ya benki iliyoambatanishwa, ilifunguliwa Machi 11. Haiwezekani karatasi ya Alhamisi itaje akaunti iliyozaliwa Jumanne iliyofuata. Aliyebadilisha ankara aliibakiza tarehe ya awali ili ifanane na hati ya kupokelea mali, na hakukumbuka kwamba barua yake nyingine ingemsuta.

Namba ya simu iliyoko katika barua ya kuhama benki inaishia 481, wakati ile ya fomu ya usajili inaishia 418. Jina la kampuni katika barua ya benki halina neno "Limited". Anwani ya barua pepe iliyotuma viambatisho inatofautiana na ya zamani kwa herufi moja, ambayo jicho huiruka kwa sababu husoma neno zima wala halihesabu herufi.

Hatua inayofuata ni kupiga simu, na hapa ndipo wengi hukosea tena. Namba ya kupigwa ni ile ya fomu ya mwaka 2023, si ile iliyochapwa katika barua inayotiliwa shaka. Anayepiga simu kwa namba ya barua hiyo ataongea na mwandishi wa barua hiyo, naye atathibitisha kila kitu kwa upole mkubwa. Swali nalo lina namna yake. Mhasibu hamsomei mzabuni namba mpya na kumuuliza kama ndiyo. Humwomba mzabuni ataje mwenyewe akaunti anayotaka kulipwa.

Katika mfano huu mwenye kampuni anajibu kwamba hajahama benki wala hajaandika barua. Ikichunguzwa inaonekana kwamba barua pepe ya karani wake iliingiliwa, na aliyeingia alisoma mawasiliano kwa siku kadhaa, akaiona ankara halisi, akaibadilisha mstari mmoja na kuituma kwa anwani inayofanana. Saruji ilikuwa ya kweli. Nondo zilikuwa za kweli. Kodi ilikuwa sahihi hadi senti. Ndiyo maana hakuna mkaguzi wa mali ambaye angeligundua.

Si wizi wa washamba wala wa ofisi ndogo. Kati ya 2013 na 2015, raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitoza kampuni mbili kubwa za Marekani, Google na Facebook, zaidi ya dola milioni 120 kwa njia hiyo hiyo. Alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina moja na la mtengenezaji wa kompyuta wa Taiwan, Quanta Computer, ambaye kampuni hizo zilikuwa zikinunua kwake kwa kawaida. Kisha wafanyakazi wao walipelekewa ankara na barua pepe zenye jina hilo, zikielekeza malipo katika akaunti za benki za Latvia na Cyprus. Mikataba na barua zenye mihuri ya bandia ziliandaliwa ili kuziridhisha benki. Alihukumiwa jijini New York Desemba 2019 kifungo cha miaka mitano.

Jina lilifanana kabisa. Kisichofanana kilikuwa nchi ya benki. Mtengenezaji wa Taiwan kulipwa Latvia ni jambo ambalo lingeweza kuonekana bila uchunguzi wowote wa kitaalamu, kwa kulisoma tu jina la benki karibu na anwani ya mzabuni.

Kwa wazabuni wa nje, ambao migodi ya ukanda wa Shinyanga na Geita huwategemea kwa pampu, vipuri na mitambo, nchi hiyo imeandikwa ndani ya namba ya SWIFT yenyewe. Herufi nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, na mbili baada yake ni za mahali. CRDB ni `CORUTZTZ`, NMB ni `NMIBTZTZ`, NBC ni `NLCBTZTX`. Katika zote tatu herufi ya tano na ya sita ni TZ. Mzabuni wa Afrika Kusini anapoleta ankara ambayo herufi hizo si ZA bali za nchi nyingine, huenda ana sababu halali, lakini sababu hiyo inapaswa kuandikwa katika jalada kabla fedha hazijatoka.

Tanzania ina kumbukumbu yake yenyewe kuhusu hatari ya kuziamini nyaraka zinazokubaliana, nayo ni kubwa zaidi. Ni akaunti ya madeni ya nje, maarufu kwa jina la EPA, iliyokuwa Benki Kuu.

Asili yake ni ya miaka ya uhaba wa fedha za kigeni. Waagizaji wa bidhaa waliweka shilingi katika Benki ya Taifa ya Biashara ili wazabuni wao wa nje walipwe kwa fedha za kigeni, lakini fedha hizo hazikuwapo. Madeni yakalimbikizwa, na mwaka 1985 usimamizi wake ukahamishiwa Benki Kuu. Wadai wa haki walikuwa wazabuni wa nje. Ili mtu mwingine alipwe badala yao, alitakiwa aonyeshe hati kwamba mzabuni amemhamishia deni.

Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 za hapa nchini zililipwa takriban shilingi bilioni 133 kwa madai ya aina hiyo. Ukaguzi maalumu uliofanywa na Ernst & Young, ambao matokeo yake yalitangazwa na Serikali Januari 2008, ulibaini kwamba kampuni 13 zililipwa takriban shilingi bilioni 90 kwa nyaraka batili na za kughushi, na kwamba nyingine tisa zililipwa takriban shilingi bilioni 42 bila kuwapo kwa nyaraka za kutosha kuthibitisha uhalali wa malipo hayo. Gavana wa wakati huo, Daudi Ballali, alitenguliwa uteuzi wake.

Yamesemwa mengi juu ya siasa za EPA, na hapa si mahali pa kuyarudia. Kinachohusu uchambuzi huu ni umbo la malipo yale. Hati ya kuhamisha deni ni, kwa mlipaji, barua ya kubadilisha akaunti: inasema kwamba fedha zilizokuwa ziende kwa fulani sasa ziende kwa mwingine. Hati hiyo ililetwa na yule aliyenufaika nayo. Ushahidi wa kuipima ulikuwa kwa mtu ambaye hakuwapo mezani, yaani mzabuni wa nje, ambaye angeweza kuulizwa kwa anwani yake ya zamani kama kweli ameliuza deni lake na kwa nani.

Tofauti ya EPA na mfano wa Maganzo ni kwamba saruji ile ilikuwapo stoo. Kinachofanana ni kwamba katika kesi zote mbili jalada lilionekana limejaa, na kujaa kwa jalada kulichukuliwa kuwa uthibitisho.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba kila akaunti isiyofanana ni ya mwizi. Mhasibu anayesimamisha malipo kwa kila tofauti atawaumiza wazabuni wadogo, ambao wengi wao hununua mali kwa mkopo na kuilipa baada ya wao kulipwa.

Benki hubadilika. FBME ilinyang'anywa leseni mwaka 2017. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo, zikiwamo Efatha na Benki ya Wananchi Njombe. Mwaka huo huo Twiga Bancorp iliunganishwa na benki ya TPB, ambayo mwaka 2021 iligeuka kuwa Tanzania Commercial Bank. Mzabuni aliyekuwa na akaunti katika mojawapo ya benki hizo alilazimika kuleta namba mpya, akitaka asitake.

Sarafu nayo ni sababu. Mzabuni mmoja aweza kuwa na akaunti ya dola na ya shilingi katika tawi moja, zenye namba mbili tofauti. Kanuni zilizotolewa Machi 2025, zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, ziliwapa wazabuni waliokuwa wakitoza kwa dola sababu halali ya kuhamia akaunti ya shilingi. Tofauti ya namna hiyo huonekana wazi: benki ile ile, jina lile lile, sarafu nyingine.

Ipo pia mikopo. Mzabuni aliyeshinda zabuni huenda benki na LPO mkononi, akakopeshwa fedha za kununulia mali kwa sharti kwamba malipo yatapitia akaunti iliyoko benki hiyo. Mnunuzi huandikiwa barua na kuikubali. Katika hali hiyo hatari hugeuka upande wa pili. Ankara inayorudi kwenye akaunti ya zamani, ambayo mhasibu ameizoea, ndiyo isiyofaa kulipwa, na benki iliyokopesha inaweza kumdai mnunuzi kwa kupuuza ahadi aliyoitia saini. Ndiyo maana barua ya benki ya aina hiyo inapaswa kukaa juu ya jalada, wala isifichwe katikati ya hati za makabidhiano.

Gumu zaidi, hasa katika miji kama Maganzo, ni suala la majina. Wafanyabiashara wengi hawana kampuni bali wamesajili jina la biashara. Kisheria jina la biashara si mtu mwingine. Ni mwenye biashara mwenyewe akijiita kwa jina la duka lake. Kwa hiyo ankara yaweza kusema "Fulani Hardware" huku akaunti ikiwa ya mtu binafsi, na pasiwe na ubaya wowote. Kinachounganisha viwili hivyo ni cheti cha usajili wa jina la biashara pamoja na maelezo yake ya BRELA, ambayo humtaja mwenye jina. Mhasibu asiye na maelezo hayo hana namna ya kujua kama akaunti ya mtu binafsi ni ya mwenye duka, ya shemeji yake, au ya karani wa ununuzi aliyeko ofisi ya pili.

Kwa kampuni yenye ukomo wa hisa jibu ni tofauti. Kampuni ni mtu wa kisheria, na akaunti yake huwa kwa jina lake. Kampuni inayoomba ilipwe katika akaunti ya mkurugenzi imeomba jambo ambalo haliwezi kutatuliwa kwa cheti, hurudishiwa ankara.

Baadhi ya tofauti huzalishwa na kompyuta za ofisini zenyewe. Namba za akaunti za CRDB, kwa mfano, huwa na tarakimu 13 na huanza na sifuri. Karani akiibandika namba hiyo katika jedwali la Excel ambalo safu yake haikuwekwa kuwa ya maandishi, programu huiona kuwa ni hesabu, huidondosha sifuri ya mbele, na hata kuionyesha kwa umbo kama `1.50E+11`. Malipo yakitumwa kwa namba pungufu kwa kawaida hurudi. Lakini siku zinazopita katika kurudi huko ni siku za mzabuni kupiga simu kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo mazingira ambayo barua bandia ya "akaunti sahihi ni hii" hupokelewa kwa shukrani.

Kosa jingine ni kupindua tarakimu mbili zinazofuatana, 0714 kuwa 0174. Jicho linalosoma namba kwa mfululizo husamehe kosa hilo. Wahasibu wa zamani, kabla ya mifumo, walikuwa wakiketi wawili: mmoja akisoma kwa sauti tarakimu nne nne kutoka katika hati ya zamani, mwingine akifuata kwa kalamu katika hati mpya. Njia hiyo bado haijapata mpinzani kwa ofisi yenye malipo ishirini kwa wiki.

Je, benki haiwezi kulizuia jambo hili? Kwa sehemu tu. Anayetuma fedha kwa simu amezoea kuona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na humsikia hata mama ntilie akisema "subiri nione jina". Malipo makubwa ya ofisi hupita kwingine, katika mfumo wa TISS wa Benki Kuu, ambao umekuwapo tangu 2004. Hapo maelekezo huandaliwa kwa wingi katika mfumo wa mlipaji, na namba ya akaunti ndiyo inayoongoza fedha. Uingereza ilianza mwaka 2020 kuzitaka benki zake kubwa zilinganishe jina na namba kabla ya kutuma, na Umoja wa Ulaya uliweka sharti la namna hiyo kwa nchi zinazotumia yuro kuanzia Oktoba 2025. Hata huko, ulinganishaji wa jina usingemnasa mtu aliyesajili kampuni yenye jina lile lile nchini Latvia.

Malipo ya TISS yakishakamilika ni ya mwisho. Mlipaji hawezi kuyavuta nyuma kwa uamuzi wake. Kinachobaki ni kuiomba benki iliyopokea izuie salio, ombi ambalo lina maana ndani ya saa chache na hupoteza maana baada ya siku mbili.

Serikali imeuhamishia mfumo sehemu kubwa ya kazi hii. Katika MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, akaunti ya mzabuni husajiliwa mara moja na kutumika kwa malipo yanayofuata, na tangu 2023 taasisi za umma hununua kupitia mfumo wa NeST ambamo wazabuni hujisajili wenyewe. Manufaa ni dhahiri: karani hachapi upya namba ya akaunti kila mara anapoandaa malipo, na ankara iliyobadilishwa haibadilishi kilichomo katika mfumo.

Lakini mlango umehama tu, haukufungwa. Sasa anayetaka kuiba haihitaji ankara. Anahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuhariri taarifa za mzabuni. Akaunti hubadilishwa jioni, malipo hutoka asubuhi, akaunti hurudishwa ilivyokuwa mchana. Mkaguzi akija mwezi unaofuata na kulinganisha mfumo na fomu ya usajili, ataona zinafanana kabisa.

Kwa hiyo ulinganishaji unaofaa kwa mifumo ni ule wa mabadiliko, si wa hali iliyopo. Mfumo hutunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi. Orodha hiyo ikichapwa kila wiki na kusomwa na mkaguzi wa ndani ambaye hana uwezo wa kuhariri chochote, akaunti iliyobadilishwa siku moja kabla ya malipo hujionyesha yenyewe. Mkaguzi huyo huyo anaweza kuipitisha orodha ya akaunti za wazabuni sambamba na ile ya akaunti za mishahara ya watumishi, na pia kuangalia kama wazabuni wawili wenye majina tofauti wanatumia akaunti moja. Inachukua nusu saa, na ofisi nyingi hazijawahi kuifanya.

Katika mfano wa Maganzo, malipo ya shilingi 32,520,000 yalichelewa kwa siku mbili. Mzabuni aliitwa ofisini akaja na kitambulisho na cheti, akaandika kwa mkono wake akaunti inayoishia 0714, na Jumatano ya Machi 19 akalipwa. Barua pepe ya Ijumaa ilichapwa na kuwekwa katika jalada pamoja na anwani iliyoituma, na nakala ikapelekwa polisi na katika benki iliyotajwa katika barua ile yenye muhuri, ili nayo iangalie akaunti inayoishia 3392 ni ya nani.